Vifo vya watoto vimeshuka, mbona uzazi unasuasua?

Katika mikutano ya idadi ya watu, iwe Dodoma au Nairobi, kuna kauli ambayo haikosekani: watoto wakiacha kufa, wazazi wenyewe watapunguza kuzaa. Hutolewa kwa uhakika kiasi kwamba ni nadra mtu kuomba ushahidi. Takwimu za Tanzania zinaiunga mkono kwa shingo upande. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 1999 ulikuta kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa 2022 ulikuta 43. Vifo vimepungua kwa zaidi ya theluthi mbili, na hiyo ni kazi kubwa iliyofanywa na chanjo, matone ya vitamini A, vyandarua vyenye dawa na dawa mseto ya malaria. Lakini katika miaka hiyo hiyo 23, wastani wa watoto ambao mwanamke wa Tanzania angezaa maishani mwake ulitoka 5.6 ukafika 4.8. Hata mtoto mmoja kamili haujapungua.

Sisemi kauli ile ni ya uongo. Nasema inaunganisha mambo mawili kwa kamba fupi mno, na watu wanaopanga bajeti kwa kuitegemea watakuja kushangaa.

Tuanze na upande wake wa kweli, maana upo, na una hesabu yake. Wafikirie mume na mke walioanza maisha Afrika Mashariki katika miaka ya 1950, wakati ambapo karibu mtoto mmoja kati ya wanne hakufikisha miaka mitano. Tuseme wanataka kubaki na watoto wanne. Idadi hiyo sijaiokota njiani. Kwa Wakikuyu, kwa mfano, mwana wa kwanza huitwa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na mabinti wawili wa kwanza hufuata bibi zao kwa mpangilio huo huo. Ili wazazi wa pande zote mbili wapate wa kuwarithi majina, wanahitajika watoto wanne, tena wawili wa kila jinsia. Tuiache habari ya jinsia, ambayo ingeikuza hesabu zaidi, tushike hao wanne tu.

Ukienda kwa wastani, watoto watano au sita wanatosha: ukiondoa robo, wanabaki kama wanne. Tatizo ni kwamba wastani ni wa nchi nzima, na nyumba moja hupata fungu lake. Wanandoa wakizaa sita, nyumba moja kati ya sita hivi itabaki na pungufu ya wanne. Wakizaa saba, uhakika unafika asilimia 93. Wakizaa wanane, unafika asilimia 97. Kwa hiyo anayetaka kulala usingizi anazaa wanane ili abaki na wanne. Leo, kwa vifo 43 kwa 1,000, wanandoa wenye nia ile ile wakizaa watano tu wana uhakika wa asilimia 98. Akiba imeshuka kutoka watoto wanne hadi mmoja.

Hakuna aliyekaa na kalamu kupiga hesabu hiyo, na mahesabu yangu yenyewe yana kasoro: yanachukulia kwamba kila mtoto ana hatari sawa, wakati vifo vya watoto hujikusanya kwenye nyumba chache, zenye maji machafu, zilizo mbali na zahanati, au ambako mama anabeba mimba kabla wa mgongoni hajaacha ziwa. Lakini wazee wetu hawakuhitaji kalamu. Muulize bibi wa miaka 80 amezaa wangapi, naye hatakupa namba moja. Atakwambia, “Nimezaa tisa, Mungu kachukua watatu, wapo sita.” Hesabu yake ina mafungu matatu tangu mwanzo, na fungu la katikati amelijua tangu alipokuwa mwali.

Angalia sasa hesabu ile imegusa nini na imeacha nini. Kupona kwa watoto kumepunguza akiba. Hao wanne wenyewe hakukuwagusa. Mzazi anayetaka wanne na kuamini kwamba watapona atazaa wanne au watano, basi. Wanawake wengi wa Tanzania wakiulizwa idadi wanayoitaka bado wanataja wanne au watano, kwa hiyo ile 4.8 haina fumbo kubwa. Kumshusha mtu kutoka wanne hadi wawili ni kazi nyingine, na zahanati haiwezi kuifanya peke yake.

Wanademografia wamekuwa wakichunguza njia ambazo kifo cha mtoto huzaa mtoto mwingine tangu miaka ya 1970, na wamezigawa tatu. Ya kwanza haihusu uamuzi wowote, ni mwili tu. Mama anayenyonyesha sawasawa hukaa miezi mingi bila kupata hedhi, pengine mwaka mzima. Mtoto akifa, maziwa yanakata, hedhi inarudi ndani ya miezi michache, na kama hatumii njia yoyote ya uzazi wa mpango, mimba inakuja mapema kuliko ambavyo ingekuja mtoto angekuwa hai. Hakuna aliyepanga. Ya pili ndiyo tunayoiita kuziba pengo: wazazi waliofiwa wanazaa makusudi kufidia aliyeondoka. Ya tatu ni ile akiba, kuzaa wa ziada kabla ya msiba kwa kuwa unauogopa.

Tafiti nyingi zilikuta kwamba njia mbili za kwanza zikijumlishwa hazifidii kila kifo. Watoto kumi wakifa, hawazaliwi kumi wengine kwa sababu ya vifo hivyo. Wanazaliwa wachache zaidi. Maana yake ni kwamba vifo vikishuka, uzazi hupungua kwa kiasi kidogo kuliko watoto waliookolewa, na kwa muda fulani familia zinakuwa kubwa zaidi. Ndicho kilichotokea kwetu. Tanzania Bara na Visiwani zilihesabu watu milioni 12.3 mwaka 1967. Mwaka 2022 walikuwa milioni 61.7. Uzazi wa mama mmoja mmoja haukupanda kiasi hicho. Waliobaki hai ndio walioongezeka.

Kuna jambo ambalo wachambuzi wa mjini hulipita haraka. Husemwa kwamba wazee walizaa bila mpango, wakisubiri Mungu alete. Idadi kweli wengi waliiacha kwa Mungu, na hata katika tafiti za miaka ya 1970 na 1980 wanawake wengi walipoulizwa wanataka wangapi walijibu hivyo. Nafasi kati ya mtoto na mtoto, hata hivyo, waliilinda kwa ukali. Tanzania nzima inajua habari ya kubemenda: wazazi wakikutana kimwili mapema, au mama akishika mimba wakati mtoto bado mchanga, mtoto huyo atadhoofika, atachelewa kutembea, pengine atakufa. Mama mkwe alikuwa mlinzi wa sheria hiyo, na mara nyingi mama mzazi alirudi kwao kwa miezi. Maelezo ya jinsi madhara yanavyotokea siyakubali. Lakini matokeo waliyoyaona ni ya kweli: mtoto anayefuatwa na mdogo wake ndani ya miaka miwili huachishwa ziwa mapema, na mdogo naye huzaliwa katika mwili wa mama ambao haujapumzika. Tafiti zetu za kitaifa zimekuwa zikionyesha hivyo kila mara: watoto waliozaliwa chini ya miaka miwili baada ya waliowatangulia hufa zaidi kuliko walioachiwa nafasi. Kwa hiyo mshale unakwenda pande zote mbili. Vifo huongeza uzazi, na uzazi wa kufuatana huongeza vifo. Bibi zetu hawakupanga idadi, ila mpango wa kumponya mtoto walikuwa nao, na ulikuwa mpango wa nafasi.

Sasa Kenya, ambayo ndiyo inayonifanya nisiiamini ile kauli ya mikutanoni ikiwa peke yake.

Utafiti wa 1977-78 uliikuta Kenya na uzazi wa watoto 8.1 kwa mwanamke, miongoni mwa viwango vya juu kabisa duniani wakati huo. Mwaka 1989 ulikuwa 6.7, mwaka 1993 ukawa 5.4, na 1998 ukafika 4.7. Watoto wawili ndani ya miaka tisa. Kama kauli ile ingekuwa kanuni, tungetarajia vifo vya watoto viwe vimeporomoka katika miaka hiyo. Vilipanda. Vilikuwa 89 kwa 1,000 mwaka 1989, 96 mwaka 1993, na 112 mwaka 1998. Ukimwi ulikuwa unapita bila dawa za kumkinga mtoto, na klorokwini ilikuwa imeacha kuimudu malaria. Wakenya walipunguza kuzaa kwa kasi kubwa wakati ule ule walipokuwa wakizika watoto zaidi.

Linganisha na Tanzania ya 1999 hadi 2022, na unapata majirani wawili walioenda kinyume: mmoja vifo vilipanda na uzazi ukaporomoka, mwingine vifo viliporomoka na uzazi ukasuasua. Mtetezi wa kauli atasema nimekata picha mahali panaponifaa, kwamba mwaka 2003 uzazi wa Kenya ulisimama kwenye 4.9 na vifo vikiwa 115, kwa hiyo vifo vilikuja kulipa kisasi. Hoja hiyo naipa uzito kiasi. Lakini miaka hiyo hiyo vifaa vya uzazi wa mpango vilikuwa vimepungua vituoni, macho ya wafadhili yakiwa kwenye Ukimwi, na ni vigumu kutenganisha mambo hayo mawili.

Kilichowasukuma Wakenya kinajulikana vya kutosha. Mashamba ya nyanda za juu yalikuwa yamegawanywa hadi hayagawanyiki tena. Shule zilianza kudai fedha zaidi kutoka mfukoni mwa mzazi mwishoni mwa miaka ya 1980, na cheti ndicho kilichogeuka kuwa urithi badala ya ardhi. Mtoto alikuwa bado anapendwa, ila gharama yake ilikuwa imepanda. Na njia za kuzuia mimba zilikuwa zimefika: wanawake walioolewa waliotumia njia yoyote walikuwa asilimia 7 mwaka 1977-78, wakafika asilimia 39 mwaka 1998. Tanzania ilikuwa bado kwenye asilimia 38 mwaka 2022.

Ushahidi wa ndani ya Tanzania unaelekea huko huko. Katika utafiti wa 2010, mtoto wa mjini na wa kijijini walikuwa karibu sawa mbele ya kifo: 94 kwa 1,000 mjini, 92 kijijini. Mjini, pamoja na hospitali zake zote, hapakuwa na nafuu. Lakini mwanamke wa mjini alikuwa anazaa 3.7 na wa kijijini 6.1. Hofu ya kifo, kama ilifuata vifo vyenyewe, ilikuwa ileile. Tofauti ilitokana na kodi ya chumba kimoja, ada, nauli, na dada wa kazi wa kulipwa pale ambapo kijijini angekuwepo shangazi.

Je, kupona kwa watoto hakuna kazi basi? Kuna kazi, ila inafanya kazi kwa kuchelewa, na hapo ndipo suala la vizazi linapoingia. Mzazi hasomi takwimu za Ofisi ya Taifa. Anachojua kuhusu kifo cha mtoto alikijua nyumbani kwao alipokuwa mdogo. Rudi kwenye hesabu yetu. Katika nyumba ya watoto wanane wakati robo yao wanakufa, ni nyumba moja tu kati ya kumi ambayo haikuzika hata mmoja. Binti aliyekulia humo alijua degedege ni nini kabla hajajua kusoma. Alimwona mdogo wake akikakamaa, macho yakigeuka, watu wazima wakikimbizana na dawa za kufukiza, na asubuhi jamvi limetandikwa nje. Huyo akiolewa, mwambie vyandarua vimeletwa, atavipokea, ila wa akiba atazaa. Katika nyumba ya leo ya watoto watano, kwa vifo 43, nyumba nne kati ya tano hazitazika hata mmoja. Binti anayekulia humo hana cha kuogopa ambacho amekiona kwa macho yake.

Ukiisoma Kenya hivyo, miaka ya 1990 inaanza kueleweka. Wanawake waliokuwa wanapunguza uzazi wakati huo walizaliwa miaka ya 1960 na 1970, kipindi ambacho vifo vya watoto nchini mwao vilikuwa vinashuka mfululizo. Walikulia nyumba zenye ndugu wengi walio hai, wakigombania shamba moja. Waliingia kwenye ndoa na kumbukumbu ya msongamano kuliko ya misiba. Vifo vilipopanda tena, uamuzi wao ulikuwa umeshakaa. Nitaamini maelezo haya zaidi iwapo Tanzania itayathibitisha. Wasichana waliozaliwa baada ya 2005, wakati vifo viliposhuka kwa kasi kutoka 112 hadi 81 ndani ya miaka mitano, ndio wanaoanza sasa kuwa mama. Kama hesabu ya akiba ndiyo iliyokuwa inatushikilia, uzazi wa Tanzania unapaswa kushuka kwa kasi zaidi katika tafiti mbili zijazo kuliko katika tano zilizopita, hata kijijini. Usiposhuka, itakuwa tumejua kwamba akiba ilikwisha zamani, na kwamba tunaongea na watu wanaotaka watoto watano kwa sababu wanawataka.

Kuna badiliko moja ambalo sioni likijadiliwa, nalo linabadilisha hesabu yote. Vifo vilivyobaki si vya aina ile ya zamani. Mwaka 2004-05, kati ya vifo 112 kwa 1,000, vya siku 28 za mwanzo vilikuwa 32. Mwaka 2022, kati ya 43, vya siku hizo vilikuwa 24. Surua na malaria vimepungua. Waliobaki kufa, zaidi ya nusu, ni watoto wachanga: waliozaliwa njiti, waliokosa pumzi wakati wa kuzaliwa, waliopata maambukizi. Kifo cha aina hii hakijengi hofu ya ukoo mzima kama degedege, kwa sababu mara nyingi hakionekani. Hutokea wodini, mazishi yanafanywa na watu wachache, na majirani huambiwa kwa sauti ya chini au hawaambiwi kabisa. Njia ya akiba inapungua nguvu. Inayobaki na nguvu ni ile ya kwanza, ya mwili: mama ambaye hakunyonyesha hata wiki, hedhi inarudi mapema, na mimba nyingine inaingia kabla mwili haujapona. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kusubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua mtoto hai kabla ya kushika mimba nyingine. Huyu anaweza kuwa mjamzito tena ndani ya mwaka, na mtoto anayekuja ana hatari zaidi.

Na mfumo wetu unamkosa yeye hasa. Mama mwenye mtoto hai hurudi kliniki kwa sababu mtoto ana kadi: chanjo ya wiki ya sita, ya kumi, ya 14, na mizani. Hapo hapo ndipo anapozungumza na muuguzi kuhusu sindano au kipandikizi. Aliyefiwa hana mtoto wa kupeleka kwenye mizani, na kukaa kwenye benchi lile katikati ya wenye watoto ni mateso ambayo hakuna wa kumlazimisha. Anabaki nyumbani na ushauri wa jamaa, ambao kwa nia njema kabisa watamwambia ajaze nafasi haraka ili asahau. Wako watakaotaka hivyo kweli, hasa aliyezaa akiwa na miaka 38, na uamuzi ni wao. Lakini wapo wengi ambao wangependa kupumzika na hawakupata wa kuwaeleza kwamba mwili wao sasa hauna kinga ya kunyonyesha.

Hili halidai mradi mpya wenye magari. Daftari la wodi ya wazazi tayari linaandika mtoto alitoka hai au la, na kama alikufa kabla ya mama kuruhusiwa. Muuguzi akimpa mhudumu wa afya ngazi ya jamii jina la mama huyo siku anapotoka, ziara za siku ya saba na ya 42 zinaweza kufanyika nyumbani kwake, mume akiwepo, na mama mkwe pia kama anaishi nao, kwa sababu huko ndiko suala la mtoto anayefuata litakapoamuliwa.